Kukubaliana Toni na Mipaka na Mwandishi Mwenza Kabla ya Kuanza Hadithi Nzito ya Vita: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

## Mambo ya msingi

1. Kwa nini tukubaliane kabla ya kuandika neno la kwanza, ilhali tunaweza kurekebishana tukiendelea?

Kwa sababu onyesho la ukatili, likishaandikwa, huwa tayari limebeba mambo mengine juu yake. Kifo cha sura ya 3 ndicho kinachomfanya mhusika akitoroke kikosi katika sura ya 6, na ndicho kinachomrudisha nyumbani akiwa mtu mwingine katika sura ya mwisho. Ukimwomba mwenzako akipunguze makali baada ya hayo yote kuandikwa, humwombi abadilishe aya moja. Unamwomba ang'oe nguzo. Tena, mtu anapoandika mambo mazito huyatoa ndani mwake, na pingamizi linalokuja baadaye humfikia kama hukumu juu ya utu wake, hata kama aliyelitoa alikuwa akizungumzia hadithi tu. Mazungumzo yayo hayo yakifanyika mapema huchukua jioni moja au mbili, na hakuna anayepoteza kurasa alizozitolea jasho.

2. Sisi sote tumesema tunataka hadithi nzito yenye giza. Je, hiyo si toni tayari?

Bado. Neno "giza" linaweza kukubaliwa na watu wawili wanaowaza vitu tofauti kabisa. Kwa mmoja, giza ni damu na miili iliyoelezwa kwa ukaribu. Kwa mwingine, giza ni kwamba mkosaji haadhibiwi na maisha yanaendelea. Mnaweza kuandika miezi mitatu kabla ya kugundua kwamba mlikuwa mkikubaliana juu ya neno, wala si juu ya hadithi.

Toni ya hadithi ya vita hukaa hasa katika umbali: msimulizi anasimama karibu kiasi gani na mwili unaoumia, na anaruhusiwa kujua nini kuhusu kile anachokiona. Msimulizi anayeona jeraha kama mganga wa kikosi ataliandika kwa utulivu wa kazi. Anayeliona kama ndugu wa majeruhi hataweza hata kuliangalia, na sentensi zake zitakatika. Kiasi cha damu kinaweza kuwa kilekile katika maandishi yote mawili, lakini hadithi zikawa mbili. Kwa hiyo, mnapojadili toni, msianze kwa kuuliza "kali kiasi gani?" Anzeni kwa kuuliza "kwa macho ya nani?"

Kuna jambo la pili ambalo husahaulika: nafuu. Semeni kama hadithi yenu inaruhusu kicheko, upole na usingizi mzuri, na ni katika nafasi gani. Simulizi isiyo na nafuu yoyote humchosha msomaji, na kufikia kifo cha 5 anakuwa anahesabu tu.

3. Mipaka inagawanywa vipi?

Mgawanyo unaofaa zaidi ninaoufahamu haukutoka kwa waandishi wa riwaya. Ulitoka kwa wachezaji wa michezo ya kuigiza wahusika mezani, ambako watu kadhaa hutunga hadithi kwa pamoja papo hapo. Mbunifu wa michezo hiyo, Ron Edwards, aliueleza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa kutenganisha mambo mawili: mstari na pazia.

Mstari ni jambo ambalo halitokei katika hadithi kabisa. Pazia ni jambo linalotokea, lakini msomaji halioni likitendeka. Analijua kwa sauti, kwa habari inayoletwa, au kwa kilichobaki baadaye. Waandishi wengi hujadili mstari peke yake, kana kwamba uamuzi ni kati ya kuonyesha na kunyamaza, na hapo ndipo mabishano mengi huzaliwa. Pazia ni mbinu ya zamani sana: katika tamthilia za msiba za Wagiriki wa kale, mauaji kwa kawaida yalifanyika nje ya jukwaa, kisha mjumbe akaingia kuyasimulia, na hakuna anayedai kwamba tamthilia hizo zilikuwa laini.

Yasiyo chini ya mstari wala nyuma ya pazia yako wazi, yaani yanaweza kuonyeshwa. Lakini kuwa wazi hakumaanishi kwamba ni lazima yaonyeshwe. Hilo linaamuliwa na kipimo kilichoelezwa katika swali la 6.

## Kufikia makubaliano

4. Kikao cha kwanza kianze na nini?

Kianze na maandishi, si na mjadala. Chagueni onyesho moja la ukatili ambalo mnajua litakuwamo katika hadithi, kisha kila mmoja aliandike peke yake, bila kuona la mwenzake, kwa urefu usiozidi kurasa mbili. Mkutane, msomeane kwa sauti, na kila mmoja aonyeshe sentensi moja ya mwenzake ambayo angeipigania ibaki na moja ambayo isingeweza kutoka kwenye kalamu yake.

Zoezi hili linafichua mambo ambayo orodha ya makatazo haiwezi kuyafichua. Mtu anaweza kusema kwa moyo safi kwamba hana tatizo na ukatili wowote, kisha akasikia aya ya mwenzake na kugundua kwamba kinachomsumbua si kifo, bali jinsi msimulizi anavyofurahia kukieleza. Maonyesho hayo ya majaribio si lazima yaingie katika hadithi, na ni vyema mkubaliane hivyo mapema ili kila mmoja aandike bila kujilinda.

5. Je, kuna mfano unaoonyesha zoezi hilo likifanya kazi?

Nitaeleza la kwangu, kwa sababu ndilo lililonifundisha ninayoyaandika hapa. Mimi na mwandishi mwenza tulikuwa na onyesho hili: kikosi kidogo kinachorudi nyuma kimemkamata askari wa upande wa pili, hakiwezi kumbeba, na sajenti anampiga risasi karibu na daraja. Mhusika wetu mkuu ni kijana aliyeingia jeshini hivi karibuni.

Mimi niliandika karibu maneno 900. Kijana anasimama hatua mbili kutoka kwa mateka, anaona kila kitu, na niliona fahari kwa jinsi nilivyoeleza mwili ulivyoanguka. Mwenzangu aliandika aya fupi mbili. Katika toleo lake, mateka anaomba maji, sajenti anamtuma kijana mtoni na chupa, na kijana anasikia mlio mmoja akiwa ameinama majini. Anakamilisha kuijaza chupa. Anaporudi hakuna anayemwangalia usoni, na chupa imejaa.

Nilikiri kwamba lake lilikuwa na nguvu zaidi, lakini kwa muda hatukujua kwa nini. Jibu lilikuja tulipouliza sajenti alimtuma kijana mtoni kwa sababu gani. Mikataba ya Geneva ya 1949 inakataza kumuua aliyekwisha kuweka silaha chini, katika vita baina ya nchi na katika vita vya ndani pia. Sajenti anajua kwamba anachotaka kukifanya ni uhalifu, na kwa hiyo anapunguza mashahidi. Hapo tukaona kwamba hadithi yetu haikuwa juu ya kuua. Ilikuwa juu ya watu wanaotumwa mbali ili wasione, na juu ya wanaokubali kwenda.

Kuanzia hapo pazia halikuwa tena njia ya kumhurumia msomaji. Lilikuwa ndiyo maana yenyewe. Toleo langu, pamoja na damu yake yote, lilimpa kijana nafasi ya shahidi asiye na hatia aliyelazimishwa kutazama. Toleo la mwenzangu lilimfanya mshiriki.

Tulibishana juu ya jambo moja zaidi, na ninalitaja kwa sababu linaonyesha mipaka halisi inavyokuwa midogo na mahususi. Nilipendekeza kijana asikie mlio wa pili baada ya kitambo. Mlio wa pili unamwambia msomaji kwamba wa kwanza haukuua, na kwamba kati ya milio miwili kulikuwa na mtu aliyekuwa hai chini. Mwenzangu alisema kwamba hapo pazia linakuwa katili kuliko onyesho la wazi, kwa kuwa msomaji analazimishwa kuujaza mwanya huo mwenyewe. Alikuwa sahihi. Hata hivyo tuliuacha mlio wa pili ubaki, kwa masharti kwamba hakuna onyesho jingine katika hadithi litakalotumia mbinu hiyo.

6. Tutajuaje kwamba onyesho la ukatili linabeba maana, na halikuwekwa kwa ajili ya mshtuko tu?

Sisi hutumia neno "deni". Kila onyesho la ukatili linaikopesha hadithi mshtuko wa msomaji, na hadithi inapaswa kulipa. Kabla ya kuliandika, tunajaza sentensi moja: "Baada ya tendo hili, fulani hawezi tena kufanya jambo fulani, na hilo linaonekana katika sura fulani." Kama hatuwezi kuijaza, onyesho halijawa tayari, hata liwe limeandikwa vizuri namna gani.

Kwa onyesho la daraja, sentensi ilikuwa hivi: baada ya tukio hili, kijana hawezi tena kukubali kutumwa, na hilo linaonekana katika sura ya 9. Katika sura hiyo kijana analinda mateka mwingine. Mkubwa wake anamwambia akachote maji, kwa maneno ya kawaida kabisa, na huenda kweli ni maji tu yanayotakiwa. Kijana anakataa kuondoka. Sura nzima ni ya kukataa huko, wala hakuna tone la damu ndani yake, lakini isingeweza kusomeka bila ile chupa ya mwanzo.

Angalieni maneno "hawezi tena". Kusema kwamba mhusika "anahuzunika" au "anabadilika" hakutoshi, kwa sababu huzuni inaweza kuandikwa katika aya moja ikasahauliwa. Deni lazima liwe tendo au kutotenda kunakoonekana. Na deni lisilipwe kwa kisasi peke yake, kwani kisasi mara nyingi ni mkopo mwingine juu ya mkopo.

7. Makubaliano yaandikwe kwa urefu gani, na yawe na nini ndani?

Ukurasa mmoja unatosha, na ukizidi hapo hakuna atakayerudi kuusoma. Wetu ulikuwa na msimulizi na umbali wake, mistari, mapazia, mahali pa nafuu, na sentensi za madeni kwa maonyesho tuliyoyajua. Andikeni kwa sentensi kamili badala ya neno mojamoja, kwa maana neno "mateso" likisimama peke yake halisemi kama mnazungumzia kipigo, njaa au usiku wa kuhojiwa. Hiki ni kipande cha waraka wetu:

> Msimulizi ni nafsi ya tatu, hatoki nje ya anachokijua kijana. Majeraha yanaelezwa kwa kile ambacho mtu hawezi kukifanya kwa sababu yake, si kwa umbo la jeraha. Kuhojiwa kwa mateka kuko nyuma ya pazia: tunaona kuingia na kutoka. Hakuna mnyama anayeuawa. Nafuu inapatikana jikoni mwa kikosi, na hakuna ukatili unaoingia humo hadi sura ya 11.

Sentensi ya jikoni ilikuwa ya mwenzangu, na sasa naiona kuwa bora kuliko zote. Mahali palipolindwa kwa sura 10 panapovunjwa, tukio dogo tu linatosha, na sisi tulitumia sahani iliyopasuka.

## Wakati wa kuandika

8. Mwenzangu amevuka mstari tuliokubaliana. Nifanye nini?

Taja mstari, taja ukurasa, na uishie hapo kwanza. Usimweleze kwa nini jambo hilo linakusumbua, kwa sababu mlikwisha kukubaliana kwamba sababu si sharti (tazama swali la 11), na ukianza kujieleza utageuza makubaliano kuwa mjadala mpya. Yeye naye aliondoe kwanza, kisha kama anaona hadithi imepungukiwa, alete pendekezo la namna nyingine ya kulipa deni lilelile.

Mara nyingi kuvuka huku si dharau. Mwandishi amekwama, sura imepoa, na damu ndiyo njia ya haraka ya kuipasha moto. Ukigundua hivyo, kazi ya pamoja ni kutafuta kilichokwamisha sura kabla ya pale palipovukwa.

9. Je, mipaka inaweza kubadilishwa katikati ya kazi?

Pazia linaweza, mstari ni vigumu zaidi. Onyesho lililokuwa nyuma ya pazia linaweza kufunguliwa ikiwa wote wawili mmekubali na mmeandika upya sentensi ya deni, kwa kuwa deni la kitu kilichoonekana huwa kubwa kuliko la kilichosikika. Mstari ufutwe tu na yule aliyeuweka, kwa hiari yake, bila kuombwa mara ya pili. Kwa upande mwingine, kuongeza mpaka mpya kunaruhusiwa wakati wowote, kwani hakuna anayejua mapema kila kitakachomgusa.

10. Ni dalili gani zinaonyesha kwamba toni imeanza kuteleza?

Dalili ya wazi ni ushindani. Kila mmoja anapopokea sura ya mwenzake anaandika kifo kizito kidogo kuliko kilichotangulia, bila mtu yeyote kuamua iwe hivyo. Nyingine ni vivumishi: "cha kutisha", "cha kinyama", "kisichosemeka" vikianza kujaa, ujue msimulizi ameacha kuona na ameanza kumwamuru msomaji ajisikie vipi. Angalieni pia majina. Waliokufa katika sura za mwanzo walikuwa na majina na mazoea, na wa sura za katikati wamekuwa "miili".

Kila baada ya sura tatu, someni tena maonyesho ya ukatili peke yake, moja baada ya jingine, bila yaliyo katikati. Yakisomeka kama ngazi inayopanda, rudini kwenye waraka.

## Hali zisizo za kawaida

11. Mwandishi mwenza wangu ameishi vita. Je, yeye ndiye aamue kila kitu?

Hapana, na wengi wao hawataki mzigo huo. Aliyeishi vita si shahidi uliyemwita ili aithibitishe hadithi yako. Muulize ni kumbukumbu zipi ziko tayari kutumika, na zile asizozitaja zihesabike kuwa hazimo, bila kudodoswa. Mara nyingine mpaka wake utakushangaza, kwa mfano anaweza kukubali maonyesho ya mapigano yote lakini akaomba harufu fulani, wimbo fulani au jina fulani lisitajwe popote. Uandikeni kama mpaka mwingine wowote, bila kudai sababu.

Anachojua yeye kinasaidia zaidi katika mambo madogo. Risasi ya bunduki ya kivita, kwa mfano, hukimbia kuliko sauti yake, kwa hiyo aliyepigwa kutoka mbali huanguka kabla wenzake hawajasikia mlio wa bunduki. Mtu aliyekuwapo hatahitaji kueleza hesabu yake. Atakuambia tu kwamba umeupanga mfuatano kinyume.

12. Tufanye nini kuhusu watoto na ukatili wa kingono, mambo ambayo vita vya kweli vinayo?

Ukatili wa kingono dhidi ya mtoto uwe mstari, bila mjadala. Ule dhidi ya watu wazima uanze ukiwa nyuma ya pazia, na mjiulize swali moja kabla ya kuuingiza: baada ya tendo hilo, hadithi inamfuata nani? Kama inamwacha aliyetendewa na kumfuata mwanamume anayekwenda kulipiza kisasi, basi mtu ametumiwa kama kuni. Hapo kipimo cha deni kinasaidia: sentensi ya "hawezi tena" iandikwe kwa jina la aliyetendewa.

Mtoto anayebeba silaha ni jambo tofauti. Itifaki za mwaka 1977 zilizoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva ziliweka miaka 15 kuwa kikomo cha kumtumia mtoto vitani, na itifaki ya mwaka 2000 ya Mkataba wa Haki za Mtoto ikazitaka nchi zichukue kila hatua inayowezekana kuhakikisha askari wao walio chini ya miaka 18 hawashiriki moja kwa moja katika mapigano. Hadithi haifungwi na vifungu hivyo, lakini wahusika watu wazima wanaishi katika ulimwengu wenye vifungu hivyo, na kila anayempa mtoto bunduki anajua, au amechagua kutojua. Kubalianeni mapema kama msomaji atakuwa ndani ya kichwa cha mtoto huyo au nje yake, kwa sababu kubadilisha hilo katikati hubadilisha swali zima la hatia.

13. Msimulizi wetu ndiye mkatili mwenyewe. Je, umbali unapimwaje hapo?

Hapa makubaliano yanahitaji sentensi moja ya ziada: msomaji atajuaje jambo ambalo msimulizi analificha? Mkatili anayesimulia kwa "mimi" atapunguza, ataruka, atatumia maneno ya kazi, atasema "tulisafisha kijiji". Mkiwa wawili, hatari ni kwamba mmoja ataandika maneno hayo akijua ni kificho, na mwingine ayaandike kana kwamba ndiyo ukweli. Chagueni kitu kimoja kisichoweza kusafishwa, kama kiatu, mlango au hesabu ya watu isiyolingana, kisha kikubaliwe kurudi mara kwa mara bila msimulizi kukieleza.

14. Tumejaribu yote haya na bado hatukubaliani. Je, tuachane na hadithi?

Rudini kwanza kwenye maonyesho ya majaribio ya swali la 4 na mwulizane kila mmoja alidhani hadithi inahusu nini. Kama majibu ni mawili, basi hamkuwa mkibishania mipaka. Mna hadithi mbili, na kila mmoja anaweza kuandika yake. Mgawane mali mapema na kwa maandishi: nani anabaki na kijana, nani anabaki na daraja, na kama onyesho la mmoja linaweza kutumiwa na mwingine. Kama jibu ni moja na kinachowatenganisha ni onyesho fulani tu, aandike yule anayetaka umbali mkubwa zaidi, na mwenzake apewe sura inayolilipa deni lake.